Umekatwa mara mbili na benki haikuelewi: kurekebisha barua pepe ya malalamiko

Ijumaa jioni, duka la mahitaji Mikocheni. Bidhaa zimefika TSh 186,500. Mteja anachomeka kadi kwenye mashine, anaweka namba ya siri, mashine inasubiri kwa muda kisha inaandika TIME OUT. Keshia anamwambia arudie. Mara ya pili inakubali, risiti inatoka, mteja anabeba mifuko yake. Akiwa njiani anafungua simu na kukuta SMS mbili za makato, kila moja TSh 186,500.

Kilichotokea kinaeleweka vizuri kwa watu wa kadi. Ombi la kwanza lilitoka kwenye mashine likafika benki ya mteja, benki ikakubali na kukata pesa, lakini jibu la kurudi halikufika dukani. Mashine isipopata jibu inatakiwa itume ujumbe wa kubatilisha muamala. Ujumbe huo nao ukipotea, dukani muamala haupo, ila kwenye akaunti pesa imeshatoka. Benki inaweza kulirekebisha hilo. Mara nyingi kinachochelewesha ni barua pepe yenyewe, na barua pepe zenye shida hufanana na hii:

> Habari, nimeibiwa pesa kwenye kadi yangu. Ijumaa saa 1 usiku nilikwenda kununua vitu, mashine yao mbovu ikanikata mara mbili. Keshia hana msaada wowote. Hii imekuwa tabia. Naomba mnirudishie pesa yangu haraka sana.

Mwandishi hajasema uongo hata kidogo. Lakini barua hii italeta mojawapo ya majibu yanayofuata, na kila jibu lina chanzo chake ndani ya maneno hayo machache.

## Dalili: benki inajibu kwamba muamala ulifanikiwa, kisha inafunga lalamiko

Hili ndilo jibu linalowakera watu kuliko yote, na ndilo linalohitaji kueleweka zaidi.

Ofisa anayeshughulikia lalamiko hakuwepo dukani. Anachokiona ni mistari kwenye mfumo wake: kiasi, muda, namba ya mashine, na jibu ambalo benki ilitoa. Kwa muamala uliokubaliwa, jibu hilo ni 00. Sasa fikiria mistari miwili ya TSh 186,500 iliyopishana dakika nne, yote miwili ina 00. Kwa upande wa benki yako, yote miwili ilifanikiwa kweli. Ile TIME OUT uliyoiona wewe ilitokea upande wa duka, na haionekani kwenye mstari wake. Ukiandika “mashine ilikataa lakini nikakatwa”, anaangalia, anaona 00, anajibu kwa nia njema kabisa kwamba muamala ulifanikiwa. Pengine ameufungua hata ule wa pili, ambao ni halali.

Tiba ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuipa miamala majina na kusema wazi ni upi unaoulalamikia. Andika Muamala A na Muamala B, kisha andika sentensi hii au inayofanana nayo: “Muamala B ni halali na siupingi. Ninachopinga ni Muamala A.” Sentensi hiyo moja inamzuia ofisa asichunguze muamala usiohusika.

Sehemu ya pili ni kuleta ushahidi wa kilichotokea upande ambao benki haiuoni. Hapa Tanzania mteja ana bahati ya kupata karatasi mbili tofauti dukani, na watu wengi huzichanganya. Ipo risiti ya mashine ya kadi, inayothibitisha malipo. Na ipo risiti ya EFD, ile ya TRA, inayothibitisha mauzo. Ukiwa na makato mawili ya kiasi kilekile lakini risiti ya EFD ni moja tu, umeonyesha kwamba uliuziwa mara moja. Risiti ya kadi peke yake haitoshi kuthibitisha hilo, kwa sababu anayeichunguza anaweza kudhani ya pili umeipoteza. Piga picha zote mbili mapema, maana maandishi ya karatasi hizi hufifia, hasa zikikaa kwenye gari au pochi.

Ukiweza, rudi dukani siku ya kazi na umwombe meneja akuonyeshe ripoti ya kufunga mashine ya siku ile. Ripoti hiyo huorodhesha miamala ambayo mashine inaitambua. Ikiwa na mauzo yako mara moja tu, duka halina pesa yako ya ziada, na lalamiko ni la benki na benki. Ikiwa nayo mara mbili, duka linadai malipo mawili, na njia ya haraka ni duka lenyewe kuomba kurejesha moja. Kwa vyovyote andika ulichokiona, kwa sababu kinabadilisha mahali ofisa atakapoanzia kutafuta.

## Dalili: benki inasema haiuoni muamala huo

Muamala upo. Ofisa anautafuta kwenye saa au tarehe isiyo yake, na kwa kawaida chanzo ni mojawapo ya mambo matatu.

La kwanza ni saa ya Kiswahili. Mteja ameandika “saa 1:42 usiku”, na kwetu hiyo ni baada ya magharibi. Mfumo wa benki unatumia saa 24, kwa hiyo muamala uko 19:42. Anayejaza fomu kwa haraka huandika 01:42, na mfumo unamletea patupu. “Saa 8 mchana” nayo ina tatizo lilelile, maana anayeitafsiri vibaya anaweza kwenda 08:00 badala ya 14:00. Ndani ya mpangilio wa matukio andika saa 24 kama mfumo unavyoandika, na ukipenda weka ya Kiswahili pembeni mara moja: 19:42 (saa 1:42 usiku). Usichanganye mitindo miwili katika barua moja.

La pili ni tarehe. 11/07/2025 kwetu ni Julai, lakini baadhi ya mifumo huanza na mwezi, na hapo inakuwa Novemba. Andika jina la mwezi angalau mara ya kwanza: Ijumaa, 11 Julai 2025. Jina la siku nalo lina kazi, kwa sababu kosa la tarehe litaonekana hapohapo siku na tarehe zisipoendana.

La tatu ni tofauti ya siku ya muamala na siku ya kuingizwa kwenye akaunti. Umelipa Ijumaa usiku, taarifa ya akaunti inaweza kuonyesha Jumatatu. Ukitaja Jumatatu peke yake, anayetafuta kwenye mfumo wa kadi haoni kitu. Ukitaja Ijumaa peke yake, anayetafuta kwenye akaunti naye anakosa. Taja zote mbili, kila moja na jina lake.

Njia ya kuyaepuka yote haya ni kutoa namba. Kwenye risiti ya kadi tafuta RRN, yaani namba ya kumbukumbu ya muamala yenye tarakimu 12, na TID, ambayo ni namba ya mashine yenyewe. Mara nyingi ipo pia namba ya idhini ya herufi au tarakimu sita. RRN inastahili kunakiliwa kwa uangalifu, tarakimu kwa tarakimu, kwa sababu ofisa akiiweka kwenye mfumo anaufikia muamala mmoja tu. Katika mfano wetu risiti ya Muamala B ina RRN 519216004731. Mitandao mingi huipanga hivi: 5 ni mwisho wa mwaka 2025, 192 ni siku ya 192 ya mwaka, yaani 11 Julai, na 16 ni saa. Kwa nini 16 wakati ilikuwa 19? Kwa sababu imehesabiwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ukikuta pengo la saa tatu kati ya risiti na kumbukumbu nyingine, hilo si kosa, na si sababu ya kudhani ni muamala mwingine.

Muamala A haukutoa risiti, kwa hiyo RRN yake huna. Usibuni na usiweke ya B mahali pake. Andika “risiti haikutoka”, kisha toa TID ileile na muda wa SMS. Kutoka kwenye mashine hiyo, dakika chache kabla ya Muamala B, ofisa ataupata.

## Dalili: kadi imefungwa na unaambiwa ujaze fomu ya wizi

Chanzo ni neno “nimeibiwa”. Kwenye mazungumzo ya kawaida mtu husema hivyo kwa uchungu, na ana haki ya kuwa na uchungu. Lakini benki ina njia tofauti kwa muamala ambao mteja hakuufanya kabisa na kwa muamala alioufanya ukakatwa vibaya. Neno wizi linapeleka barua kwa watu wa usalama, na wao kwanza hufunga kadi. Baadaye wanagundua namba ya siri iliwekwa na wewe mwenyewe, dukani ulikokuwepo, na wanakujibu kwamba hakuna wizi. Umepoteza siku kadhaa, kadi huna, na lalamiko lako halisi halijaanza.

Andika “nimekatwa mara mbili kwa manunuzi ya mara moja”. Kama kweli kuna muamala usioujua, huo ni mwingine, na unastahili barua yake na simu ya haraka ya kufunga kadi.

## Dalili: unaambiwa uwasiliane na duka

Mara nyingi hii hutokea barua inapoongelea tabia ya keshia, mashine mbovu, foleni, au ahadi ya meneja. Ofisa anaona ugomvi wa mteja na duka, na anaurudisha ulikotoka. Malalamiko hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa, ila yaondoe hapa. Badala yake weka mstari mmoja wa ulichofanya dukani na ulichojibiwa, wenye tarehe na saa.

Hapa ndipo utofauti wa ulichokiona na unachokidhani unapokuwa muhimu. “Mashine yao ni mbovu” ni dhana. “Kioo cha mashine kiliandika TIME OUT na risiti haikutoka” ni ulichokiona. “Mtandao ulikuwa chini” ni dhana. “Keshia aliniomba nirudie” ni tukio. Pitia kila mstari wa mpangilio wako na ujiulize: nililiona hili kwa macho yangu, au nimeliunganisha baadaye? Lililounganishwa baadaye litoke, au liende mwishoni chini ya neno “maoni yangu”. Sentensi moja ya kudhania ikithibitika si kweli, msomaji huanza kuzitilia shaka hata zile za kweli.

## Barua yenyewe, ikiwa imerekebishwa

Kabla ya kuandika, hakikisha pesa imeshatoka kweli. Kuna wakati kiasi kinazuiwa tu: salio unaloweza kutumia linapungua, lakini kwenye taarifa ya akaunti hakuna mstari wa makato. Kiasi kilichozuiwa bila kukamilishwa huachiwa chenyewe baada ya siku chache. Fungua taarifa ya akaunti na uone kama mistari ni miwili. Katika mfano huu ilikuwa miwili Jumatatu asubuhi.

Mada ya barua iwe na vitu vinne tu: aina ya tatizo, kiasi, tarehe, na tarakimu nne za mwisho za kadi.

> Yah: Kukatwa mara mbili TSh 186,500, tarehe 11 Julai 2025, kadi inayoishia 4471
>
> Habari za kazi,
>
> Nimekatwa mara mbili kwa manunuzi ya mara moja. Naomba kurejeshewa TSh 186,500 za Muamala A. Muamala B ni halali na siupingi.
>
> Duka: duka la mahitaji, Mikocheni, Dar es Salaam (jina kamili liko kwenye risiti, kiambatisho 1)
> TID ya mashine: kama ilivyo kwenye risiti, kiambatisho 1
>
> Mpangilio wa matukio (saa 24, saa za Tanzania)
>
> Ijumaa, 11 Julai 2025
> Kabla ya manunuzi: salio TSh 598,800.
> 19:42 – Muamala A. Niliingiza kadi na namba ya siri. Mashine iliandika TIME OUT. Risiti haikutoka.
> 19:43 – SMS ya benki: makato TSh 186,500, salio TSh 412,300 (kiambatisho 3).
> 19:46 – Muamala B. Mashine ileile, kadi ileile. Iliandika APPROVED. RRN 519216004731 (kiambatisho 1).
> 19:47 – SMS ya benki: makato TSh 186,500, salio TSh 225,800 (kiambatisho 3).
> 19:47 – Risiti moja ya EFD, TSh 186,500 (kiambatisho 2).
>
> Jumatatu, 14 Julai 2025
> 09:10 – Taarifa ya akaunti inaonyesha makato yote mawili, yameingizwa tarehe 14 Julai (kiambatisho 4).
>
> Jumanne, 15 Julai 2025
> 11:30 – Dukani, meneja alinionyesha ripoti ya kufunga mashine ya tarehe 11 Julai. Muamala wa TSh 186,500 umo mara moja, wenye RRN ya Muamala B.
>
> Ninachoomba
> 1. Kurejeshewa TSh 186,500 za Muamala A kwenye akaunti yangu.
> 2. Namba ya lalamiko hili, na tarehe ya kutarajia majibu.
>
> Jina kamili, namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti, tawi

Angalia hesabu ya salio. Imewekwa kwa makusudi: 598,800 ukitoa 186,500 unabaki 412,300, ukitoa tena 186,500 unabaki 225,800. Inaonyesha pesa ilitoka mara mbili kweli, na kwamba SMS ya pili haikuwa ya kwanza iliyojirudia. SMS kujirudia hutokea, na wakati huo salio kwenye jumbe zote mbili huwa lilelile. Kama salio lako ni lilelile kwenye SMS zote mbili, huenda hujakatwa mara mbili, na taarifa ya akaunti itakuambia.

Angalia pia namna muda wa SMS ulivyochukuliwa. Ujumbe ukiwa na saa ndani yake, tumia hiyo. Ukiwa hauna, tumia saa iliyoonyeshwa na simu na useme hivyo, kwa sababu SMS inaweza kuchelewa njiani.

Ombi liko juu kabisa, kabla ya matukio, na limerudiwa mwishoni kwa kiasi kamili. “Naomba msaada wenu” halimwambii mtu afanye nini. “Naomba kurejeshewa TSh 186,500 za Muamala A” linamwambia.

Kuhusu viambatisho: vipe majina yanayosomeka, kama `1-risiti-kadi.jpg` na `2-risiti-efd.jpg`, vifuatane na namba ulizozitaja kwenye barua. Taarifa ya akaunti ikatwe ibaki sehemu ya siku husika. Namba kamili ya kadi isiwepo popote, hata kwenye picha. Namba ya siri, tarakimu tatu za nyuma ya kadi na namba za uthibitisho zinazokuja kwa SMS haziandikwi kwenye barua pepe kamwe, na hakuna uchunguzi unaozihitaji.

## Dalili: kimya

Kosa la kawaida hapa ni kuandika barua mpya kila baada ya siku mbili, kila moja na mada yake. Kila barua mpya inaweza kufunguliwa kama lalamiko jipya, likaenda kwa mtu mwingine asiyejua la kwanza. Jibu ndani ya barua ileile, na uongeze mstari chini ya mpangilio: “Ijumaa, 18 Julai, 10:05 – Nilipiga huduma kwa wateja, nikapewa namba ya lalamiko.” Simu na safari ya tawini nazo ni matukio, ziingie na saa zake.

Usisubiri miezi. Kwa kadi za Visa, muda wa benki kupinga muamala uliochakatwa mara mbili ni siku 120, na siku ulizokaa kimya wewe zimo ndani yake.

Benki ikikataa au ikiendelea kunyamaza, njia inayofuata ni Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma hizo za mwaka 2019. Wao watataka kuona kwamba ulianza kwa benki yako. Mpangilio uleule, ukiwa na mistari yake mipya na majibu ya benki, ndio unaoupeleka. Hakuna haja ya kuandika hadithi upya.

## Dalili: pesa imerudi, kisha imekatwa tena

Baadhi ya marejesho ni ya muda, wakati uchunguzi na benki ya duka unaendelea. Matokeo yakisema muamala ulikuwa halali, benki inaichukua tena. Ukiona hivyo, usianze lalamiko jipya. Jibu kwenye barua ileile, ongeza mistari miwili, siku pesa iliporudi na siku ilipochukuliwa, kisha uliza swali moja: benki ya duka imetoa ushahidi gani kwa Muamala A? Wakileta risiti, linganisha RRN yake na ile ya Muamala B. Ikiwa ni 519216004731, wamethibitisha muamala ambao hukuupinga, na unaweza kuwaonyesha hilo kwa mstari mmoja.